Nusu ya Pili ya Fedha ya Zuio

Tuchukue mfano wa bweni la shule lililojengwa kwa mkataba wa shilingi milioni 240. Kazi ilikamilika, funguo zikakabidhiwa, wanafunzi wakahamia. Mwaka mmoja baadaye mkandarasi anakwenda kudai shilingi milioni 6 zilizobaki, naye mhasibu anamwambia arudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa bweni lilizinduliwa Juni na mwaka haujatimia. Nani yuko sahihi?

Fedha hiyo ni ya zuio, au ritensheni kama wanavyoiita wajenzi. Ni malipo ya kazi iliyokwisha kupimwa na kukubaliwa, ila yamebaki kwa mshitiri, yaani mwenye jengo, hadi ithibitike kwamba kazi haina kasoro. Katika mkataba wetu, kila hati ya malipo ilikatwa asilimia 10, na makato yakakoma yalipofikia asilimia 5 ya bei ya mkataba. Kwa hiyo kazi ya shilingi milioni 120 ilipokwisha kuidhinishwa, zuio lilikuwa limetimia milioni 12, na hati zilizofuata hazikukatwa tena. Bweni lilipokamilika, nusu ya fedha hiyo, milioni 6, ililipwa. Nusu ya pili inasubiri mambo mawili: kipindi cha matazamio kiishe, na meneja mradi athibitishe kwa maandishi kwamba kasoro zote alizozitolea taarifa ndani ya kipindi hicho zimerekebishwa.

Hapo ndipo mhasibu alipokosea. Kipindi cha matazamio huhesabiwa kuanzia tarehe ya kukamilika kwa kazi iliyoandikwa kwenye hati ya ukamilishaji. Sherehe ya uzinduzi, hata mgeni rasmi akiwa nani, haiigusi tarehe hiyo. Hati ya bweni letu inasema 14 Machi 2023, na mkataba unataja miezi 12. Kipindi kinaisha 13 Machi 2024.

Miezi 12 nadhani ni muda wa haki kwa majengo ya pwani, kwa sababu paa hupitiwa na masika na vuli kabla halijaachiwa. Bweni hili lilivuka masika salama. Mvua za vuli zilipokuja na upepo wa upande mwingine, maji yakapenya chini ya kofia ya paa na dari ya korido ikachora madoa ya kahawia. Meneja mradi akaandika taarifa Novemba, na mkandarasi akafungua kofia, akaipanga upya kwa mlalio mrefu zaidi, akabadilisha mbao mbili za dari.

Kazi inayosahauliwa mara nyingi ni ukaguzi wa pamoja wiki chache kabla ya kipindi kuisha. Hapa ulifanyika 21 Februari 2024. Mkuu wa shule alionyesha mambo matatu. Kitasa cha mlango kilikuwa kimevunjwa, lakini alama za nondo kwenye fremu zilionyesha kimevunjwa kwa nguvu. Hayo ni matumizi, hayamhusu mkandarasi. Mlango wa bafu ulikuwa umevimba kwa sababu ukingo wake wa chini haukupakwa rangi, na hiyo ni kasoro. La tatu, sakafu ya nje inayozunguka jengo ilikuwa imetitia na kuachana na ukuta. Ukiigonga kwa fimbo inatoa mlio wa utupu, dalili kwamba kifusi cha chini hakikushindiliwa vizuri.

Meneja mradi alitoa taarifa ya siku 14. Mlango ukarekebishwa, sakafu haikuguswa. Kasoro iliyotolewa taarifa ikibaki, kipindi cha matazamio huongezwa hadi irekebishwe, na hapo wengi hukwama miaka, mshitiri akishikilia milioni 6 kwa tatizo dogo. Mkataba una njia ya kutoka: muda wa taarifa ukipita, meneja mradi hukadiria gharama ya kumpa fundi mwingine kazi hiyo, na mkandarasi huibeba. Kuvunja, kushindilia na kumwaga zege upya kulikadiriwa shilingi 850,000.

Kilichobaki ni makaratasi. Mkandarasi aliandika barua ya madai, akaambatanisha hati ya ukamilishaji, jedwali la zuio lililokatwa kwenye kila hati ya malipo, taarifa zote za kasoro na uthibitisho wa meneja mradi. Shule ya serikali ina sharti jingine: mwaka wa fedha huisha 30 Juni, kwa hiyo zuio linaloangukia mwaka unaofuata liwekwe kwenye bajeti mapema, la sivyo hati itakuwa sahihi na akaunti tupu. Bweni hili lilikuwa limetengewa. Mkandarasi alilipwa shilingi 5,150,000, na 850,000 zikaenda kwenye ile sakafu.