Soma Mistari Kabla ya Kutaja Jina

"Shikamoo mwalimu. Hii inaitwaje?" Chini ya ujumbe kuna picha ya ukurasa wa daftari: umbo la pembe sita lenye mistari mitatu ya ndani, juu yake OH, jirani yake O yenye kijimstari kinachoishia hewani, na chini kabisa, mkabala na OH, mkia wenye kona. Ncha ya mkia imemezwa na kivuli cha simu.

Mwenye pupa angebahatisha jina papo hapo. Mimi nilianza na mistari. Katika michoro ya aina hii herufi C haiandikwi: kila kona na kila ncha tupu ya mstari ni atomi ya kaboni, na kila kaboni ina mikono minne. Mkono usiochorwa umeshika haidrojeni. Kwa hiyo ncha ya kile kijimstari cha O ni CH3, na anayeiruka amepoteza kaboni nzima.

Kisha pete. Kona sita, bondi za mistari miwili zikipishana na za mstari mmoja: hiyo ni benzini. OH iliyoshika pete hiyo moja kwa moja huifanya molekuli kuwa fenoli, si alkoholi, nayo ndiyo itakayofunga jina. O pamoja na CH3 yake ni kundi la methoksi.

Mkia una kaboni tatu, na mahali fulani una bondi ya mistari miwili. Ukiiweka mwishoni, jumla ni C10H12O2. Ukiisogeza hatua moja kuelekea kwenye pete, jumla ni ile ile! Hesabu, ambayo hufichua makosa mengi, hapa haisaidii. Picha ndiyo yenye jibu. Nikamwomba aipige tena karibu na dirisha, simu isizibe mwanga. Picha ya pili ilionyesha wazi: mistari miwili iko mwishoni.

Hapo ndipo namba zinapoingia. Kaboni yenye OH ni 1. Tukizunguka kupitia methoksi, methoksi hupata 2 na mkia 4. Tukizunguka upande wa pili, mkia unabaki 4 lakini methoksi inakuwa 6, na kanuni hutaka namba ndogo. Jina basi ni 2-methoksi-4-(prop-2-en-1-ili)fenoli. Kwa jina la mazoea ni eujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, kile unachokinusa ukipita penye majamvi ya karafuu zilizoanikwa Pemba.

Bondi ile ingekuwa imesogea, tungekuwa na isoeujenoli, na jina lingedai jambo la ziada: pete na CH3 ya mwisho ziko upande mmoja wa bondi hiyo, au pande tofauti? Yote hayo yalikuwa yamejificha chini ya kivuli cha simu.