Kosa la Herufi na Kosa la Fedha

Mwanasheria kijana akimaliza kupitia rasimu ya mkataba wa pango, huiambatanisha na barua fupi kwa wakili anayemsimamia. Kwanza hutaja alichokwisha kusahihisha, kwa ukurasa na aya: "Uk. 3, aya ya 5: 'mpangji' sasa ni 'mpangaji'." Hapo msimamizi hupitisha macho tu.

Uzito uko kwenye maswali. Tuseme aya ya 7 inataja kodi ya "shilingi laki nne na nusu (Sh. 405,000)". Linaonekana kosa la kidole, lakini kijana asiliguse. Tofauti ni Sh. 45,000 kila mwezi, na wanaojua walichokubaliana ni wenye mkataba. Aandike: "Aya ya 7: maneno yanasema 450,000, tarakimu 405,000. Nimeacha kama ilivyo. Tumuulize mteja?" Swali la namna hiyo humalizwa kwa simu moja.

Hati ya kiapo ni jambo jingine kabisa. Ikishaapwa mbele ya kamishna wa viapo, hata herufi moja haibadilishwi kimyakimya ofisini. Kijana aliandike kosa kwenye barua, na msimamizi aamue kama mwapaji aitwe aape upya.