Kigogo akisaini straika wako, nani analipa?

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, picha zinaanza kumiminika. Staa ameshika kalamu, pembeni yake kigogo anatabasamu, mashabiki wanashangilia. Mwezi mmoja baadaye unasikia uongozi ukisema: "Huyo hatukumtuma sisi."

Hapo ndipo mzozo unapoanza. Je, klabu inabanwa na mkataba huo?

Tuseme yupo straika mmoja wa Kigoma. Mjumbe wa kamati ya usajili ya klabu kubwa ya Dar es Salaam anakutana naye hotelini Sinza, anamuahidi dau la Sh20 milioni na nyumba ya kuishi. Wanamwaga wino. Kumbe kwenye kikao mjumbe yule aliruhusiwa kuzungumza tu, siyo kusaini.

Ile ruhusa aliyopewa kikaoni ndiyo mamlaka halisi. Kwa upande huo straika hana chake, maana ruhusa ya kusaini haikuwepo. Lakini sheria inaangalia pia mamlaka ya kuonekana, yaani kile ambacho klabu yenyewe imeufanya ulimwengu uamini kuhusu mtu wake.

Kesi inayotajwa sana kwenye jambo hili haina hata mpira ndani yake. Uingereza, mwaka 1964, wasanifu majengo Freeman na Lockyer waliidai kampuni ya Buckhurst Park ada yao. Aliyewapa kazi ni mkurugenzi mmoja, Kapoor. Hakuwahi kuteuliwa kuwa mkurugenzi mtendaji, ila wenzake kwenye bodi walijua anaendesha mambo kama mkurugenzi mtendaji na wakamuacha. Kampuni ikaruka, ikasema hakuwa na ruhusa. Mahakama ikaamua ilipe. Bodi ndiyo iliyomuacha aonekane bosi, na kuajiri wasanifu ni kazi ya kawaida ya mtu wa cheo hicho.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1986, Mahakama ya Mabwana huko huko Uingereza iliamua kesi ya meli iitwayo Ocean Frost. Ofisa wa kampuni ya Mundogas, Magelssen, aliwaambia Armagas kwamba amepata kibali cha mabosi wake kuikodi meli hiyo kwa miaka mitatu. Hakuwa nacho, na tena alikuwa amehongwa. Armagas walijua kwamba kwa cheo chake tu hawezi kufunga dili la namna ile. Walichotegemea ni maneno yake kwamba kibali kimetoka. Walishindwa.

Tofauti ya kesi hizi mbili ni nani aliyezungumza. Kwa Kapoor, ni kampuni iliyosema kwa matendo yake. Kwa Magelssen, ni yeye mwenyewe aliyejisemea. Mtu hawezi kujipandisha cheo kwa mdomo wake halafu bosi wake alipe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo inambana aliyetuma pale maneno au matendo yake mwenyewe yalipomfanya mtu aamini kwamba ruhusa ipo.

Turudi Sinza. Kama mjumbe alisema tu, "Mwenyekiti kaniambia nimalize, dogo," na straika akamuamini, huyo ni Magelssen. Lakini kama msimu uliopita mjumbe huyo alisaini wachezaji wawili, klabu ikawalipa bila kelele, na straika akalijua hilo kabla ya kusaini, kesi inaanza kufanana na ya Kapoor. Jezi ya klabu aliyovaa mjumbe haitoshi, hata mimi ninayo moja nyumbani. Na kama straika alishaambiwa kwamba anayesaini ni katibu mkuu tu, hata hao wachezaji wawili hawamsaidii.

Kuna mlango mwingine ambao viongozi wetu huuingia bila kujua. Klabu ikishajua ahadi zote za mjumbe, halafu ikamchezesha straika mechi tatu na kumlipa mshahara kwa mkataba uleule, inaweza kuhesabiwa kuwa imeuridhia. Na kuridhia hakuna nusu. Huwezi kuchukua mabao yake ukasema nyumba hukuahidi wewe.

Na klabu ikichomoka je? Straika anaweza kumgeukia mjumbe mwenyewe, kwa sababu sheria inamtaka mtu aliyejifanya wakala afidie hasara aliyosababisha. Shida ni kwamba klabu ina mapato ya milangoni na wadhamini. Mjumbe huenda ana gari la mkopo tu, na kuanzia hapo hapokei simu.