Miaka thelathini kazini, kurasa mbili mezani

Nimekaa kwenye meza za usaili muda wa kutosha kujua kwamba wasifu wa mtu mzoefu hauchakai kwa sababu ya miaka yake. Unachakaa kwa sababu mwenyewe hajawahi kuuandika upya. Aliuandika mara moja alipokuwa kijana, kisha kila alipohama kazi akaongeza aya moja juu na kuyaacha mengine yote chini kama yalivyokuwa.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa Dar es Salaam. Mwaka 1994 alianza kama karani wa hesabu kwenye kiwanda cha nguo, mwaka 2003 akahamia kampuni ya usafirishaji, na tangu 2014 ni mhasibu mkuu wa hospitali. Wasifu wake una kurasa tisa. Ukurasa wa kwanza unataja dini, ndoa, idadi ya watoto na shule ya msingi. Kazi ya ukarani imejaza ukurasa mzima, kwa sababu siku zile kila jukumu lilikuwa jipya kwake na aliona fahari kuliandika. Kazi ya hospitali, ambayo ndiyo mwajiri anaitafuta, ina mistari mitatu tu: anasimamia idara, anaandaa taarifa za fedha, anafanya kazi nyingine atakazopangiwa.

Hapo ndipo pa kuanzia. Ile mistari mitatu imenakiliwa kutoka barua ya ajira, na barua ya ajira hueleza kazi kabla mtu hajaifanya. Nilimkalisha mtu wa namna hii nikamuuliza swali moja: ulipoingia ulikuta nini, na leo kuna nini? Majibu yalikuja yenyewe. Alikuta hesabu za mwezi zikifungwa baada ya siku 22, sasa zinafungwa kwa siku 8, kwa kuwa mfumo wa malipo ya wagonjwa uliunganishwa na mfumo wa hesabu. Alikuta madai ya bima yakirudishwa kwa makosa ya kujaza fomu, akaweka mtu wa kuyakagua kabla hayajatoka. Sentensi mbili za namna hiyo zinaonyesha kazi ya leo waziwazi, na hazihitaji neno “mbobezi” wala “mchapakazi”.

Miaka ya nyuma je? Miaka kumi hadi kumi na tano ya karibuni ipewe nafasi kubwa; iliyotangulia ibaki na cheo, mahali na mwaka. Ila kuna kitu kimoja cha zamani ambacho ningekitetea. Mhasibu huyu alikuwapo VAT ilipochukua nafasi ya kodi ya mauzo mwaka 1998, na alikuwapo mashine za EFD zilipoanza kuingia madukani na maofisini mwaka 2010. Akiandika kwamba anajua leja za mkono, anaonekana wa kale. Akiandika kwamba aliwahi kuhamisha vitabu vya kiwanda kutoka kodi moja kwenda nyingine bila kusimamisha ankara, anasema jambo ambalo kijana wa miaka 28 hawezi kulisema, na mwajiri anayebadilisha mfumo mwaka huu atasimama hapo hapo.

Vitu vidogo navyo husaliti umri bila sababu: namba ya faksi, barua pepe yenye mwaka wa kuzaliwa, na ule mstari wa “ninajua kompyuta”. Ataje programu anayoitumia kila siku, na aitaje tu ikiwa anaweza kukaa mbele ya jopo akaifungua. Kwenye LinkedIn, sehemu ya Headline ina nafasi ya herufi 220. Wengi huanza na “uzoefu wa zaidi ya miaka 30”, na msomaji anaanza kukokotoa umri kabla hajajua kazi. Aanze na cheo, sekta, na tatizo analolitatua. Miaka itaonekana yenyewe chini.

Simaanishi afiche. Fomu za ajira serikalini huuliza tarehe ya kuzaliwa na vyeti, na lazima zijazwe kwa ukweli. Pia kuna kosa la upande wa pili: mzee wa uhasibu anayeazima maneno ya vijana wa matangazo, akajiita mwenye shauku ya kuleta mapinduzi. Kwenye usaili sauti yake halisi itakapotoka, jopo litajiuliza nani aliandika ile karatasi. Njia rahisi ya kujikagua ni kusoma kila sentensi kwa sauti mbele ya mfanyakazi mwenzako. Pale unapoona haya kidogo, futa.

Zile kurasa saba zilizopunguzwa zisitupwe. Zihifadhiwe kwenye faili lake, azisome usiku wa kuamkia usaili, maana kuna mjumbe wa jopo atakayeuliza mwaka 1998 ilikuwaje pale kiwandani.