Chemchemi, mikaratusi na alama 20: Namna ya kusahihisha kazi ya mwanafunzi aliyefanya utafiti

Walimu wengi wa Kenya tumefunzwa kusahihisha kwa jicho la Insha. Katika KCSE, karatasi ya 102/1 ina insha mbili za alama 20 kila moja. Msahihishaji huiweka kila insha katika kiwango: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Lugha sanifu, msamiati na methali zilizowekwa mahali pake hubeba uzito mkubwa, na ni haki, kwa sababu mtihani wenyewe unapima lugha.

Tatizo huja tunapolitumia jicho hilo hilo kwa kazi isiyopima lugha. Mtaala wa umilisi umeleta miradi na utafiti wa mazingira, na tathmini za shuleni sasa zina uzito. Katika matokeo ya KJSEA, mtihani ulioanza mwaka 2025, asilimia 20 hutokana na tathmini za Gredi ya 7 na ya 8. Kule Mghange, ambako mtoto huzungumza Kidawida nyumbani, Kiswahili kilichong'aa mara nyingi ni cha kaka aliye chuoni au cha mchapaji wa saiba. Asiye na kaka huyo anapoteza alama hata kama yeye ndiye aliyeteremka bondeni kupima maji.

Dawa yake ni rubriki inayosema wazi alama zinatoka wapi. Tuchukue mfano wa kufikirika. Milima ya Taita imebaki na vipande vichache vya msitu wa asili, kama Ngangao na Chawia, na kwingine imepandwa miti ya kigeni, mikaratusi ikiwemo. Mwalimu anawauliza wanafunzi: je, mikaratusi imepunguza maji ya chemchemi za kijiji chetu? Alama ni 20, naye anazigawa hivi:

- Ushahidi mahususi: 7
- Hoja ya mwanafunzi mwenyewe: 6
- Kumbukumbu za kazi: 4
- Lugha: 3

Ushahidi mahususi ni ule ambao mtu mwingine anaweza kwenda kuukagua. "Maji yamepungua sana siku hizi" hakukaguliki. "Jerikeni ya lita 20 ilijaa kwa dakika nne katika chemchemi iliyo chini ya mikaratusi, na kwa dakika moja na nusu katika ile iliyo chini ya miti ya asili" kunakaguliwa na yeyote mwenye jerikeni na saa. Alama 1 ni ya maneno ya jumla tu. Alama 2 hadi 4 ni ya jambo moja au mawili yanayokagulika. Alama 5 hadi 7 ni ya mambo matatu au zaidi, na kila moja liwe limefungwa kwenye dai linalolitegemea.

Hoja ya mwenyewe haina maana ya wazo ambalo halijawahi kusikika duniani. Maana yake ni kwamba mwanafunzi ameufikia uamuzi kutokana na alichokiona. Akirudia ya kitabuni, apewe 1 au 2. Akichukua msimamo na kutoa sababu, apewe 3 au 4. Alama 5 na 6 ni za yule aliyejiuliza, "Je, kuna sababu nyingine?" kisha akaijibu.

Kumbukumbu za kazi ni ukurasa mmoja au miwili ya daftari iliyoandikwa kazi ikiendelea: tarehe, alikokwenda, aliyemuuliza, kilichoharibika, na alichobadilisha. Hapa kitu cha kutafuta ni badiliko. Ukurasa ambao kila kitu kilikwenda sawasawa tangu siku ya kwanza kwa kawaida umeandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Sasa zije kazi mbili mezani. Ya kwanza inaanza kwa methali, inasema maji ni uhai, inaeleza kwa Kiswahili safi kwamba miti ya kigeni hunywa maji mengi, na inafunga kwa kuihimiza serikali ichukue hatua. Haitaji chemchemi hata moja. Ya pili ina makosa ya upatanisho wa kisarufi na sentensi zinazoyumba. Lakini ina vipimo vile vya jerikeni, na ina maneno ya mama mwenye shamba chini ya chemchemi, anayesema aliacha kupanda mboga za kiangazi mahali pale. Tena inasema juu ya chemchemi hiyo kumewekwa bomba jipya, kwa hiyo mikaratusi haiwezi kubeba lawama yote. Daftari linaonyesha kwamba kipimo cha kwanza kilichukuliwa siku moja baada ya mvua, kikatupwa, kikarudiwa baada ya wiki mbili kavu.

Kwa jicho la Insha, ya kwanza ingeweza kupata 15 na ya pili 9. Kwa rubriki yetu ya kwanza inapata ushahidi 1, hoja 2, kumbukumbu 0 na lugha 3, jumla 6. Ya pili inapata 6, 5, 4 na 2, jumla 17. Mwandishi wa kwanza hakuonewa. Lugha yake imelipwa kwa ukamilifu. Kilichokosa malipo ni kazi ambayo haikufanywa.

Hata hivyo, kuandika rubriki hakutoshi, kwa sababu lugha tamu huvuja. Msahihishaji akishafurahishwa na aya ya kwanza, huanza kuona ushahidi mahali ambapo haupo. Kinga yake ni kusahihisha kigezo kimoja kwa darasa zima kabla ya kugusa kingine: ushahidi wa wote kwanza, na lugha iwe ya mwisho. Kisha kazi tano zipewe mwalimu wa pili bila kumwonyesha alama. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama mbili katika kigezo kimoja, maneno ya kigezo hicho hayaeleweki, na yaandikwe upya kabla ya kuendelea.

Wanafunzi nao watajifunza kuuchezea mpango. Wengine watajaza tarakimu zisizothibitisha lolote, na ndiyo maana ushahidi lazima ufungwe kwenye dai. Wengine watabuni daftari. Maswali mawili ya mdomo yanatosha kumjua: ulisimama upande gani wa chemchemi, na nani alishika saa? Aliyekwenda hujibu bila kufikiri.

Lugha nayo isipewe sufuri katika hesabu ya jumla. Kazi isiyosomeka haiwezi kuthibitisha kitu, ndiyo sababu ya zile alama 3. Na mpango huu usiletwe kwenye mazoezi ya karatasi ya 102/1, kwani huko mtahini atadai ufasaha, na mwanafunzi aliyezoeshwa kudhani lugha ni alama 3 ataumia.

La mwisho, rubriki isomwe darasani siku ya kutoa kazi. Mwanafunzi akiambiwa mapema kwamba jerikeni na saa zina alama 7 na methali iko ndani ya zile 3, atajua Jumamosi yake aitumie wapi.