Maharage Mia Mbili Mezani

Mwezeshaji hakuja na ubao. Aliomba maharage makavu, akahesabu mafungu mawili ya punje mia mia kando ya sanduku la kikundi lenye kufuli tatu. Kila punje ni shilingi 1,000, aliwaambia, na kila fungu linakopeshwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza kila fungu lilizaa punje 10. Za kushoto akazitia kikombeni, kama mtu aliyechukua riba yake akaitumia. Za kulia akazichanganya na mtaji. Mwaka wa pili, kushoto zikaja 10 zilezile. Kulia zikaja 11, kwa kuwa sasa zilizokopeshwa ni 110.

"Kwa punje moja tu, mwanangu?" akauliza bibi mmoja, na watu wakacheka.

Walikuwa na haki ya kucheka, maana miaka ya mwanzo tofauti haionekani. Lakini ukiendelea hivyo, fungu la kulia linafika shilingi 161,051 mwaka wa tano, na 259,374 mwaka wa kumi. Mwenye fungu la kushoto anabaki na mtaji wake wa 100,000, na kwa miaka yote kumi ametumia riba ya 100,000. Mwaka wa kumi peke yake, fungu la kulia limezaa zaidi ya 23,500, na la kushoto bado ni 10,000.

Kwa asiyetaka kuhesabu punje, mwezeshaji alitoa njia ya mkato: gawa 72 kwa kiwango cha riba, utapata takriban miaka ambayo fedha itachukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 10 ni miaka saba na kidogo.

"Na hiyo riba anailipa nani?" bibi akarudi tena.

Swali zito. Wanailipa wanachama wenyewe, kila wanapokopa. Fedha iliyolala sandukuni haizai hata senti. Nusu ya mtaji ikikosa mkopaji, asilimia 10 inakuwa 5, na ile miaka saba inageuka kuwa zaidi ya 14. Mkopaji asiporejesha, fungu lenyewe linapungua.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni desturi ya vikundi hivi tangu mfumo wake ulipoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991: kila baada ya miezi 9 hadi 12, sanduku hufunguliwa na fedha zote hugawanywa. Desturi hiyo ina maana yake, kwani mgao ndio ukaguzi ambao hata asiyejua kusoma anauelewa. Hivyo mwezeshaji hakuwaambia waufute. Fedha zihesabiwe mbele ya wote, kila mtu ashike chake mkononi, kisha siku hiyohiyo warudishe kiasi sawa walichokubaliana, kiandikwe kwenye vijitabu kama hisa za kwanza za mzunguko mpya.