Nywila Inaposahaulika

Ubora wa mlango wa akaunti ya mteja huonekana siku anaposahau nywila. Usajili ni kazi nyepesi: barua pepe, nywila, na uthibitisho kwamba anwani hiyo ni yake kweli. Nywila yenyewe haihifadhiwi. Seva hubaki na alama iliyokokotolewa kutokana nayo, kwa njia kama Argon2id, ambayo haigeuzwi kuwa nywila tena. Kwa hiyo mfumo unaoweza kumtumia mteja nywila yake ya zamani una kasoro kubwa.

Mteja wa duka la vitabu anabonyeza “Nimesahau nywila” na kuandika anwani yake. Akaunti iwepo au isiwepo, jibu liwe lile lile: “Kama anwani hii imesajiliwa, tumetuma kiungo.” Jibu la “anwani haipo” humfichulia mwizi nani ni mteja na nani siye. Kiungo hubeba msimbo mrefu usiokisika, hufa baada ya dakika 30 hivi, na hutumika mara moja tu. Nywila ikishabadilishwa, vifaa vyote vilivyokuwa ndani ya akaunti hutolewa.

Msimbo wa kutumwa kwa simu una hatari yake: laini iliyoachwa muda mrefu huweza kugawiwa mtu mwingine, naye akapokea msimbo usio wake.

Ndani, ukurasa wa kwanza uonyeshe kilichomleta mteja: oda imefika wapi, anadaiwa kiasi gani, risiti iko wapi. Picha kubwa ya makaribisho ikiisukuma oda chini ya skrini, wateja wataendelea kupiga simu dukani kuiulizia.